Ribosomu huru, ribosomu za utandoni: kuifuata insulini hatua kwa hatua hadi ndani ya retikulamu

Mchoro wa seli katika vitabu vingi vya biolojia una vinukta vya aina mbili. Vingine vimetawanyika kwenye saitoplazimu, vingine vimeganda juu ya utando wa retikulamu ya endoplazimu na kuufanya uonekane wenye chunjua. Chini ya mchoro huandikwa kwamba ribosomu huru hutengeneza protini za kubaki ndani ya seli, na zilizoganda utandoni hutengeneza protini za kutolewa nje. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaliruka swali lenyewe: ribosomu inajuaje kwamba protini iliyoianza ni ya kwenda nje, wakati protini hiyo haijafika hata nusu?

Tutalijibu kwa kufuata protini mbili za binadamu sambamba. Ya kwanza ni insulini, inayotengenezwa na seli za beta za kongosho na kumwagwa kwenye damu. Ya pili ni globini beta, sehemu ya himoglobini, isiyotoka kamwe ndani ya seli nyekundu iliyo nzima. Ukimaliza utaweza kuchukua mfuatano wa protini nyingine, ukausoma mwanzo wake kwa kalamu na karatasi, ukakadiria itatengenezewa wapi. Na akitokea mtu wa kukubishia, utajua ni jaribio gani la maabara linalomaliza ubishi.

Kabla ya kuanza: hakuna viwanda viwili

Ribosomu iliyo huru na iliyo utandoni ni ribosomu ileile. Zote hutoka katika hazina moja ya vipande viwili, kidogo na kikubwa, vinavyoelea kwenye saitoplazimu. Vipande hivyo hukutana juu ya RNA ya ujumbe, husoma ujumbe, hutoa protini, kisha huachana na kurudi hazinani. Ribosomu iliyomaliza kutengeneza insulini utandoni inaweza kuanza globini au protini nyingine yoyote ya ndani muda mfupi baadaye, ilimradi ujumbe wake umo katika seli hiyo.

Kwa hiyo kila protini inayotokana na jeni za kiini huanza kutengenezwa na ribosomu iliyo huru. Hata insulini. Kinachoipeleka ribosomu utandoni ni mnyororo wa protini wenyewe, pale kichwa chake kinapochungulia nje. Jambo hili ndilo ambalo wanafunzi hulikosa kwenye mtihani, kwa sababu mchoro huonyesha ribosomu zikiwa zimeshafika na hauonyeshi zilivyofika.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1971 na Günter Blobel na David Sabatini huko New York, wakati ambapo hapakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka uliofuata kundi la César Milstein, Cambridge, lilikuta kwamba mnyororo mwepesi wa kingamwili ukitengenezwa ndani ya tyubu isiyo na utando hutoka ukiwa mrefu kidogo kuliko ule unaotolewa na seli hai. Urefu huo wa ziada ulikuwa upande wa mwanzo. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein wakaonyesha kwa majaribio jinsi kipande hicho cha mwanzo, kinachoitwa peptidi ishara, kinavyofanya kazi. Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Hatua ya 1: pata mfuatano

Fungua hifadhidata ya UniProt na utafute `P01308`, ambayo ni insulini ya binadamu, na `P68871`, ambayo ni globini beta ya binadamu. Kila asidi amino imeandikwa kwa herufi moja. Nakili herufi 30 za mwanzo za kila protini, hizo zinatosha kwa kuanzia:

```
INS  MALWMRLLPLLALLALWGPDPAAAFVNQHL
HBB  MVHLTPEEKSAVTALWGKVNVDEVGGEALG
```

Hakikisha umechukua mnyororo mzima kama unavyotoka kwenye ribosomu, yaani unaoanza na `M`. Hili si jambo dogo. Insulini iliyo kwenye chupa ya hospitali ina asidi amino 51 tu, nayo imeshapoteza kipande tunachokitafuta. Mnyororo unaotoka kwenye ribosomu una asidi amino 110: ishara ya 24 mwanzoni, kisha mnyororo B wa 30, kiungo cha kati, na mnyororo A wa 21 mwishoni. Aliyesoma insulini iliyokomaa akasema haina ishara hajakosea kusoma, amesoma kitu kingine.

Hatua ya 2: soma mwanzo kwa macho, kisha kwa hesabu

Peptidi ishara haina maneno maalumu yanayofanana kutoka protini moja hadi nyingine. Ukilinganisha ishara za protini kumi herufi kwa herufi utavunjika moyo. Kinachofanana ni tabia, nayo inajipanga katika sehemu tatu.

Kwenye insulini, sehemu ya kwanza ni `MALWMR`. Hapa tafuta chaji chanya, ambayo huletwa na `R` au `K`. Insulini ina `R` moja kwenye nafasi ya 6. Sehemu ya pili ndiyo moyo wa ishara: `LLPLLALLALW`, mfululizo wa asidi amino zinazokwepa maji, usio na hata chaji moja. Sehemu ya tatu ni `GPDPAAA`, ambayo hulainisha mambo kwa ajili ya kukatwa. Kanuni ya Gunnar von Heijne ni kwamba nafasi ya mwisho ya ishara, na ile ya tatu kutoka mwisho, huwa na asidi amino ndogo zisizo na chaji, mara nyingi `A`, `G` au `S`. Kwenye insulini nafasi hizo ni ya 24 na ya 22, na zote mbili ni `A`. Mkato huangukia kati ya `A` ya 24 na `F` ya 25, ambayo ndiyo inayoanza mnyororo B.

Macho yanaweza kudanganya, kwa hiyo weka namba. Kipimo cha Kyte na Doolittle huipa kila asidi amino alama ya kukwepa maji: `L` ina 3.8, `A` 1.8, `V` 4.2, na zile zinazopenda maji hupata alama hasi, kama `K` yenye −3.9 na `E` yenye −3.5. Chukua dirisha la herufi 10 na utafute wastani wake. Kwenye insulini, nafasi ya 7 hadi 16 ina `L` saba, `A` mbili na `P` moja yenye −1.6. Jumla ni 26.6 na 3.6, ukitoa 1.6, yaani 28.6. Wastani ni 2.86.

Sasa lisogeze dirisha hilo juu ya herufi 30 za globini. Dirisha bora kabisa utakalolipata ni la nafasi ya 10 hadi 19, `SAVTALWGKV`, na wastani wake ni 0.91 tu, huku `K` ikiwa imo ndani yake. Hapo hakuna ishara. Kwa mujibu wa herufi zake, globini itamaliziwa na ribosomu huru.

Ndugu zetu wengi wanaijua globini beta kwa sababu ya selimundu, ambako `E` moja ya mwanzoni hugeuka kuwa `V`. Ukipima tena dirisha lenye herufi hiyo baada ya badiliko utaona mwanzo wa globini umeongezeka kukwepa maji kidogo, lakini haukaribii ishara. Protini yenye selimundu hubaki ndani ya seli nyekundu kama ile ya kawaida. Shida yake inatokea hukohuko ndani.

Hatua ya 3: piga hesabu ya handaki

Hatua hii haimo kwenye mwongozo wowote wa shule niliouona, na bila hiyo utaipa jibu baya protini iliyo mbele yako.

Endelea kusogeza dirisha kwenye globini hadi mwisho wa mnyororo. Karibu na mwisho, nafasi ya 107 hadi 116, utakuta `LGNVLVCVLA`. Ipigie hesabu: wastani ni 2.44. Huo ni mfululizo mkali wa kukwepa maji, unaokaribia moyo wa ishara ya insulini. Mbona hauipeleki globini kwenye retikulamu?

Jibu liko ndani ya ribosomu. Asidi amino huunganishwa katikati ya kipande kikubwa, kisha mnyororo hupita kwenye handaki jembamba kabla ya kutokea nje. Handaki hilo hubeba asidi amino 30 hadi 40 kwa wakati mmoja. Tuchukue 35. Maana yake ni kwamba nafasi ya 116 huanza kuiona saitoplazimu pale tu mnyororo unapofikisha urefu wa 151 hivi. Globini nzima ina urefu wa 147. Ribosomu inapofika kwenye kituo chake na kuuachia mnyororo, sehemu ya mwisho ya mfululizo ule bado imo handakini. Ikishatoka, hakuna tena ribosomu ya kupelekwa popote, na protini inajikunja ikiuficha mfululizo huo katikati yake, mbali na maji.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa insulini. Moyo wa ishara unaishia nafasi ya 17, hivyo unakuwa nje wote mnyororo unapofika 52. Ishara nzima ya herufi 24 inatoka mnyororo unapokaribia 60. Zimebaki asidi amino 50 kufika mwisho. Seli za wanyama kama sisi huunganisha asidi amino 5 hivi kwa sekunde, basi kuna muda wa sekunde 10 tu kwa ishara kutambuliwa na ribosomu kufikishwa utandoni. Protini ndefu ina nafasi ya kutosha; insulini ni fupi na inakimbizana na saa. Protini fupi zaidi, zenye asidi amino chini ya 70 au 80, mara nyingi hukosa kabisa muda huo, na zile za kwenda nje hulazimika kuingia retikulamu baada ya kukamilika kwa njia nyingine. Ukikutana na protini fupi namna hiyo, usiitabirie njia ninayoieleza hapa kwa uhakika.

Hatua ya 4: ifuate ribosomu kutoka saitoplazimu hadi mlangoni

Ishara ikichungulia mdomoni mwa handaki hupokewa na chembe itambuayo ishara, ambayo katika maandiko yote utaikuta kwa kifupi cha SRP. Ndani yake kuna protini sita na RNA moja yenye urefu wa nyukleotidi 300 hivi. Protini yake iitwayo SRP54 ina mfuko wenye metionini nyingi, asidi amino inayopindika kirahisi na kukwepa maji. Ndiyo sababu SRP moja inaweza kushika ishara za maelfu ya protini zisizofanana herufi: mfuko haudai mpangilio fulani, unadai mfululizo unaokwepa maji wa urefu unaofaa.

Upande wa pili wa SRP hujipachika mahali ribosomu inapopokelea malighafi zake, na kasi ya kuunganisha asidi amino hushuka. Zile sekunde 10 za insulini zinarefuka. Hapa mwanafunzi hupenda kuandika kwamba SRP husimamisha kazi kabisa. Kwenye tyubu yenye mchanganyiko wa seli za ngano hilo huonekana, lakini ndani ya seli za mamalia ni salama zaidi kusema huipunguza mwendo.

Msafara wa watatu, yaani ribosomu, mnyororo na SRP, hufika kwenye utando wa retikulamu na kukuta kipokezi cha SRP. SRP54 na kipokezi zote mbili hushika GTP, molekuli ndogo yenye nishati, na ushikaji huo ndio unaozifunga pamoja. Ribosomu hukabidhiwa kwa mfereji uitwao Sec61. Kisha GTP huvunjwa, SRP na kipokezi vinaachana, na SRP inarudi saitoplazimu kutafuta ishara nyingine. GTP hapa haitumiki kuusukuma mnyororo. Inahakikisha kwamba makabidhiano yanakwenda upande mmoja: SRP haiachii ishara kabla ya kufika, na haing'ang'anii baada ya kufika.

Mfereji wa Sec61 ukiwa umepumzika huwa umezibwa na kizibo kidogo kutoka ndani, na kiunoni mwake una pete ya asidi amino zinazokwepa maji. Una pia upenyo ubavuni, unaofunguka kuelekea ndani ya utando wenyewe. Ishara inapoingia hujibana kwenye upenyo huo, kizibo kinasogea, na njia inakuwa wazi. Hapa ndipo ile `R` ya nafasi ya 6 inapofanya kazi yake: chaji chanya hupenda kubaki upande wa saitoplazimu, hivyo kichwa cha mnyororo kinabaki nje na sehemu inayofuata inaingia ikiwa imepinda kama pini ya nywele. Mnyororo B ndio unaotangulia kuingia retikulamu, huku ishara ikiwa imelala ndani ya utando.

SRP ikishaondoka, mwendo wa ribosomu unarudi wa kawaida. Mdomo wa handaki lake umekaa juu ya mdomo wa Sec61, na kila asidi amino inayoongezwa nyuma inausogeza mnyororo mbele. Sasa ndiyo tunaiita ribosomu ya utandoni. RNA ya ujumbe ileile huwa inasomwa na ribosomu kadhaa kwa pamoja, hivyo ya kwanza ikishafika, ujumbe wenyewe unakuwa umeshasogezwa, na zinazofuata zinaanzia jirani na utando.

Hatua ya 5: weka alama mahali pa mkato

Mkato wa `A24` na `F25` hufanyika mnyororo ukiwa bado unaingia, na hufanywa na kimeng'enya kilichokaa utandoni kikiwa kimeelekeza makali yake upande wa ndani wa retikulamu. Ishara iliyokatwa inabaki ndani ya utando na kuvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine. Kinachobaki kina asidi amino 86, nacho huitwa proinsulini.

Ndani ya retikulamu proinsulini hujikunja na kufunga vifungo vitatu vya salfa kati ya sisteini zake sita. Vifungo hivyo visingefungika vizuri kwenye saitoplazimu, kwa kuwa mazingira ya kule huvifungua. Kwa hiyo kufika retikulamu si suala la usafiri tu: insulini iliyobaki saitoplazimu isingepata umbo lake hata kama herufi zake zote ni sahihi. Kiungo cha kati kitaondolewa baadaye, ndani ya vifuko vya kuhifadhia, na hilo halimhusu tena mtu wa ribosomu.

Hatua ya 6: thibitisha kwenye tyubu

Herufi zinatoa utabiri. Uthibitisho ni jaribio lililojengwa juu ya kazi ya Blobel na Dobberstein, na bado linafanywa karibu vilevile. Unahitaji mchanganyiko wa seli changa za damu za sungura, wenye ribosomu na SRP lakini usio na retikulamu ya kutosha; RNA ya ujumbe ya insulini; asidi amino yenye mionzi ili uione protini mpya peke yake; na mikrosomu za kongosho la mbwa. Mikrosomu ni vifuko vidogo vinavyopatikana retikulamu inapokatwakatwa: upande uliokuwa umeelekea saitoplazimu unabaki nje, na Sec61 yake bado inafanya kazi.

Andaa tyubu tatu. Ya kwanza isiwe na mikrosomu. Ya pili ziwemo tangu mwanzo. Ya tatu ziongezwe baada ya kuzuia ribosomu zisiendelee. Kazi ikiisha, gawa kila tyubu mafungu matatu: moja liache lilivyo, la pili weka proteinazi K, kimeng'enya kinachotafuna protini yoyote kinayoifikia, na la tatu weka proteinazi K pamoja na sabuni ya Triton X-100 inayoyeyusha utando. Kisha tandaza yote kwenye jeli inayozitenganisha protini kwa ukubwa.

Tyubu ya kwanza itakupa mstari mmoja wa kilodaltoni 12 hivi, mnyororo mzima ukiwa na ishara, na proteinazi itaufuta. Tyubu ya pili itakupa mstari mfupi zaidi, kama kilodaltoni 9.4, ambao ni proinsulini iliyokatwa ishara. Proteinazi haitaugusa kwa sababu uko ndani ya kifuko, lakini sabuni ikiwekwa unafutika. Tyubu ya tatu itafanana zaidi na ya kwanza: mstari mrefu, unaofutika. Usishangae ukiona mstari mfupi hafifu humo, maana insulini ni fupi na sehemu ndogo inaweza kuingia kwa kuchelewa. Ukitaka jibu lisilo na utata, tumia prolaktini ya ng'ombe, yenye asidi amino zaidi ya 200 na ishara ya 30.

Fungu lenye sabuni ndilo wavivu huliruka, na ndilo linalobeba hoja. Bila hilo huwezi kujua kama mstari mfupi ulisalimika kwa kuwa ndani ya kifuko au kwa kuwa proteinazi yako ilikuwa imekufa.

Mtego mwingine mbaya zaidi uko kwenye uchaguzi wa asidi amino yenye mionzi. Maabara nyingi hutumia metionini kwa mazoea. Rudi kwenye mfuatano wa insulini uhesabu `M`: iko nafasi ya 1 na ya 5, basi. Zote ziko ndani ya ishara. Ishara ikikatwa, proinsulini inabaki bila metionini hata moja, na tyubu ya pili itaonekana tupu. Mtu asiyejua ataandika kwamba mikrosomu zake zimeharibu protini, kumbe jaribio limefanikiwa kabisa na yeye hana macho ya kuliona. Kwa insulini tumia sisteini yenye mionzi, kwa sababu sisteini zote sita ziko kwenye sehemu inayobaki. Na chagua jeli ya protini ndogo, la sivyo mistari ya 12 na 9.4 itagandana mbele kabisa.

Ukirudia yote kwa RNA ya globini, tyubu tatu zitatoa mstari wa urefu uleule, na proteinazi itaufuta kila mahali.

Pale utabiri unapokwama

Mfululizo unaokwepa maji mwanzoni unaweza kuwa ishara isiyokatwa. Ukiwa mrefu, tuseme herufi 20 na zaidi, na mahali pa mkato pakiwa na asidi amino kubwa au zenye chaji, protini huenda retikulamu kwa njia ileile lakini inabaki imechomekwa kwenye utando. Ribosomu ni ya utandoni, ila protini haielei ndani. Protini za mitokondria nazo zina kichwa cha kuzielekeza, ila hicho kina `R` na `K` zilizotawanyika na hakina moyo wa `L` mfululizo. SRP haikishiki, protini humaliziwa kwenye saitoplazimu na kuingizwa baadaye. Dirisha la herufi 10 huvitenganisha vizuri vichwa hivyo viwili.

Herufi moja ikibadilika

Ishara ya insulini ina watu wanaoibeba ikiwa na kasoro, na kasoro mbili zinaonyesha hatua mbili tofauti zikishindwa.

Ya kwanza hugeuza `R` ya nafasi ya 6 kuwa `C`. Moyo wa ishara haujaguswa, SRP bado ina cha kushika, lakini chaji chanya imepotea. Mnyororo unaingia Sec61 kwa shida, na sehemu yake inabaki saitoplazimu bila kuvuka. Kilichovuka kinakatwa na kujikunja kama kawaida. Kwa kuwa nakala ya pili ya jeni ni nzima, wenye kasoro hii hupata kisukari chepesi kinachoweza kuchelewa hadi ujana au utu uzima.

Ya pili hugeuza `A` ya nafasi ya 24 kuwa `D`. Hapa kila kitu kinakwenda vizuri hadi mlangoni: ishara inashikwa, ribosomu inafikishwa, mnyororo unaingia. Kisha kimeng'enya cha mkato kinakuta chaji hasi mahali panapodai asidi amino ndogo isiyo na chaji, na hakikati ipasavyo. Mnyororo unabaki umefungwa kwenye ishara yake, haujikunji sawasawa, unarundikana ndani ya retikulamu na kuisumbua hadi seli ya beta inakufa. Nakala nzima ya pili haiokoi hali, kwa sababu tatizo si upungufu wa insulini nzuri, ni taka inayoua seli inayozitengeneza zote mbili. Mtoto mwenye kasoro hii huugua kisukari katika miezi ya mwanzo ya maisha, na ndiyo maana kisukari kinachoanza kabla ya miezi 6 huchunguzwa jeni moja moja, la `INS` likiwemo. Likikutwa hilo, tiba ni sindano za insulini, ambazo, tofauti na ilivyo kwa kasoro za baadhi ya majeni mengine ya kisukari cha watoto wachanga, hazibadilishwi na vidonge vya kuiamsha seli ya beta.